Mshinde si mshindi: kulifungua neno kwa mzizi na viambishi

*Shikamoo mwalimu. Niko Tukuyu, ni mtahiniwa wa kujitegemea, kidato cha nne, zimebaki wiki tatu. Kwenye ufahamu msamiati ndio unaniangusha. Juzi kwenye jaribio kulikuwa na sentensi hii: "Mzabuni mteule alipokaidi masharti, mkataba ulifumuka, walanguzi wakapata upenyo, na wakulima wa kahawa wakabaki washinde katika ugomvi wasiouanzisha." Niliandika kwamba washinde ni walioshinda, nikakosa. Fumuka, walanguzi na upenyo niliyaacha wazi. Wenzangu wanasema nikariri mizizi na viambishi tu, maana kamusi nzima siimalizi. Kweli inasaidia? Na nianzie wapi?*

Marahaba. Inasaidia, ila si kwa namna hiyo ya wenzako. Viambishi vyenyewe unavijua tangu utoto. Hakuna mtu anayekaa chini kujifunza tofauti ya mtu na watu, au piga na pigwa. Shida yako naiona kwenye hilo kosa la washinde. Ulianza mbele ya neno, ukaona wa-, ukaona -shind-, ukasema basi, hawa ni watu wa kushinda. Herufi moja iliyobaki nyuma hukuitazama, na jibu lilikuwa humo. Kwa hiyo ukikutana na neno gumu, lianze mkiani.

Tuchukue mzizi huohuo, -shind-. Ukiufunga kwa -i unapata mshindi, yaani anayetenda: yeye ndiye ameshinda. Ukiufunga kwa -e unapata mshinde, yaani aliyetendwa: yeye ndiye ameshindwa. Mbele yote mawili yana m- ileile, katikati mzizi uleule, na maana zimepishana kama mchana na usiku. Hii -e ya kutendwa haitumiki tena kuunda maneno mapya, ndiyo maana watu wengi hawaioni. Lakini imebaki katika maneno unayoyajua. Mtume ni aliyetumwa. Kiumbe ni kilichoumbwa. Na mteule, ambaye yumo katika sentensi yako, ni aliyeteuliwa. Ukiyashika hayo matatu pamoja na mshinde, umeshika sehemu kubwa ya kundi hilo. Usijaribu kuliongeza mwenyewe: "mpike" kwa maana ya kilichopikwa halipo, na msahihishaji hatalipokea.

Mteule ana mwenzake, mteuzi. Mteuzi ndiye anayeteua, mteule ndiye anayeteuliwa. Ni jozi ileile ya mshindi na mshinde. Ila hapa limeingia jambo la pili ambalo lazima ulielewe vizuri, kwa kuwa ndilo linalofungua maneno mengi kuliko yote: hiyo z ya mteuzi na l ya mteule zimetoka wapi, wakati kitenzi ni teua tu?

Zimetoka ndani ya kitenzi chenyewe. Vitenzi vya Kiswahili vinavyoishia na irabu mbili, kama teua, lea, zaa, pokea, nunua, pindua, zamani vilikuwa na l kati ya irabu hizo. Kiswahili kiliidondosha. Wewe wa Tukuyu una bahati hapa: Kinyakyusa kinasema *injila* pale Kiswahili kinaposema njia, l imebaki mahali pake. Hata katika Kiswahili l hiyo haikufa, imejificha tu. Ukitaka kuiona, tia kitenzi katika kauli ya kutendwa: teua, teuliwa, lea, lelewa, zaa, zaliwa, pokea, pokelewa, nunua, nunuliwa, pindua, pinduliwa. Sasa l hiyo ikikutana na -i ya kuunda nomino inageuka z. Ndipo tunapata mteuzi, mlezi, mzazi, mapokezi, mnunuzi, mapinduzi. Ikikutana na -e inabaki l, ndiyo maana mteule.

Kwa vitendo, maana yake ni hii. Ukiona nomino ngeni inaishia na -zi na kabla ya z kuna irabu, ondoa kiambishi cha mbele na -zi, weka -a, uone kama umepata kitenzi. Malezi: le-, lea. Matumizi: tumi-, tumia. Mchukuzi: chuku-, chukua. Mavazi: va-, vaa. Na walanguzi wako: langu-, langua. Umeshajua kwamba ni watu, kwa wa-, na kwamba ndio wanaofanya kitendo cha kulangua, kwa -zi.

Hapo njia inafika mwisho wake, na ni vizuri uone mwisho huo ulipo. Viambishi vimekueleza kwamba walanguzi ni watendaji. Havikuelezi kulangua ni kufanya nini. Kama hujawahi kulisikia neno langua, umebaki na sentensi: mkataba umevunjika, watu fulani wamepata nafasi, wakulima wameumia. Kutokana na hayo unaweza kuandika "wafanyabiashara wanaonufaika kwa hasara ya wakulima", na utakuwa karibu sana, kwa sababu kulangua ni kununua bidhaa kwa nia ya kuja kuiuza kwa bei ya kuruka. Neno hilo ukishalipata kwa njia hii mara moja, ulanguzi na mlanguzi yanakuja yenyewe bila kamusi.

Ikiwa kabla ya -i kuna konsonanti nyingine, nayo hugeuka, na ni lazima uirudishe ilivyokuwa kabla ya kutafuta kitenzi. Mageuzi unayohitaji ni machache. K hugeuka sh: pika, mpishi, andika, mwandishi, zika, mazishi. T hugeuka s: fuata, mfuasi. B hugeuka v: gomba, mgomvi, na ule ugomvi wa kwenye sentensi yako. Halafu nd na ng zote mbili hugeuka nz: penda, mpenzi, linda, mlinzi, tunga, mtunzi, jenga, ujenzi. Si sheria isiyovunjika, maana mshindi amebaki na nd yake, na msomi ametoka soma bila kubadilika chochote, kwa kuwa m haibadiliki. Lakini ukiona -shi, -si, -vi au -nzi mwishoni mwa jina la mtu au la kitendo, jaribu kwanza kuirudisha nyuma.

Hiyo -nzi ina mtego. Kwa kuwa nd na ng zote huishia hapo, na vipo pia vitenzi vyenye nz tangu mwanzo, unapokutana nayo jaribu milango yote mitatu. Mtunzi anatoka tunga, naye hutunga shairi. Anayetunza ng'ombe au mazingira anatoka tunza, naye ni mtunzaji. Watahiniwa huandika "utunzi wa mazingira" na "mtunzaji wa shairi", na ukiwauliza watakuambia mzizi ni mmoja. Si mmoja: ni -tung- na -tunz-. Mwalimu akisahihisha insha hiyo hakosi kuona.

Hapa ujue pia tofauti ya -i na -aji, kwa sababu huulizwa. Zote hutaja mtendaji, lakini -aji hushikamana zaidi na kitendo chenyewe kinachofanyika, na -i mara nyingi hutaja hali ya mtu au kazi yake. Msomaji ni anayesoma, hata kama ni tangazo ukutani. Msomi ni aliyesoma, ana elimu. Faida ya -aji ni kwamba haibadilishi konsonanti, basi kitenzi unakiona waziwazi: mpokeaji, mtumiaji, mwimbaji.

Mkia mwingine unaokuja sana katika vifungu vya ufahamu ni -vu na -fu, pamoja na -ivu, -evu na -ifu. Huo husema mtu au kitu kina tabia fulani: tulia, mtulivu, vumilia, mvumilivu, nyenyekea, mnyenyekevu, haribu, uharibifu. Cha kuangalia ni vitenzi vinavyoishia -ka, kwa kuwa k hupotea kabisa na usipojua utatafuta mzizi usiokuwepo. Changamka, mchangamfu. Tukuka, mtukufu. Kauka, kavu. Okoka, wokovu. Ukikwama na neno la -fu au -vu, weka -ka au -uka mahali pake, usikilize.

Sasa fumuka na upenyo. Upenyo ni rahisi kati ya hayo mawili. Mkia wake ni -o, na -o hutaja kile kinachotokana na kitendo, au chombo chake, au mahali pake: waza, wazo, nena, neno, fungua ukiifunga kwa -o unapata ufunguo, ziba, kizibo. Upenyo ni penya na -o, basi ni nafasi ya kupenyea. Ungeandika "nafasi" tu ungepata.

Fumuka lina tabaka mbili baada ya mzizi, na lazima uzibandue moja moja kutoka nyuma. Toa -k- ya kutendeka, inabaki fumua. Toa -u-, inabaki fuma. Fuma ni kazi unayoiona kila siku huko kwenu kwenye baridi: mama anafuma sweta kwa nyuzi. Hiyo -u- ndiyo ya kuikumbuka, kwa sababu huitengua kazi iliyokwishafanyika. Funga, fungua. Kunja, kunjua. Ziba, zibua. Tega, tegua. Tata ni kusokotana kama uzi, tatua ni kuukwamua, na kutoka hapo tukapata kutatua tatizo. Penye o katika mzizi hiyo -u- huwa -o-: choma, chomoa. Kwa hiyo fumua ni kuachanisha nyuzi zilizofumwa, na fumuka ni kuachana zenyewe. Mkataba uliofumuka ni mkataba ulioachana nyuzi, umevunjika. Mwandishi alichagua neno la kusuka badala ya kusema umevunjika moja kwa moja, na mtahini alilichukua neno hilo kwa sababu hiyohiyo: alijua linaweza kufunguliwa na mtu asiyelijua.

Usiamini kila -ua unayoiona lakini. Nuna ni kukasirika kimya, nunua ni kutoa fedha upate kitu, na hakuna mtu aliyewahi kumaliza kununa kwa kununua. Hizo ni silabi zilizofanana tu. Chana nayo inaonekana ina -an- ya kutendana, ukiitoa unabaki na "cha", kitenzi cha kucha, yaani kupambazuka, ambacho maana yake haihusiani na kuchana. Basi mzizi ni -chan- wote. Kipimo cha kukata neno ni kimoja, na kina miguu miwili. Kilichobaki baada ya kukata kiwe neno linalosimama lenyewe na lenye maana inayohusiana na neno zima. Na kipande ulichokikata uweze kukibandika kwenye neno lingine kikafanya kazi ileile. Fungua inapita pande zote mbili. Nunua inaanguka mguu wa kwanza. Ulezi ni mfano wa hatari zaidi, kwa kuwa yapo mawili: ulezi wa mtoto, kutoka lea, na ulezi nafaka ya kupikia uji na togwa. Ule wa pili hauna kitenzi ndani yake. Sentensi pekee ndiyo itakayokuambia ni upi.

Yamebaki kaidi, masharti, mkataba na mzabuni. Hayo yana asili nyingine, na ukiyakata kwa kisu kilekile utayaharibu. Alama ya kuyatambua ni mwisho wa kitenzi. Vitenzi vya asili ya Kibantu huishia na -a: soma, lima, pokea. Ukikuta kitenzi kinaishia na -i, -u au -e, kama kaidi, hukumu, arifu, samehe, kwa kawaida kimetoka Kiarabu. Huko maana haikai kwenye silabi, inakaa kwenye konsonanti, mara nyingi tatu, na irabu zinabadilika kuzizunguka. Kwa hiyo ukikutana na neno la kundi hili, acha kutafuta m- na ki-, hesabu konsonanti.

Jaribu na h, k, m: hukumu, hakimu, hekima, mahakama. Na h, s, b: hesabu, hisabati, mhasibu, uhasibu. Na r na f pamoja na kile kilichobaki kama irabu mbele yake: arifu, maarifa, maarufu, taarifa. Mtu maarufu ni anayejulikana, taarifa ni kile kinachokujulisha, maarifa ni yale uliyoyajua. Masharti ya kwenye sentensi yako yamo katika sh, r, t, pamoja na shuruti na shurutisha. Usipolijua shurutisha utalifikia kupitia sharti. Na mkataba umo katika k, t, b pamoja na kitabu, katibu, katiba na maktaba: yote ni mambo ya kuandikwa.

Ukiyatazama hayo utaona kwa nini kisu cha kwanza hakifai. Ki- ya kitabu si kiambishi, ingawa tunasema vitabu kwa kuwa Kiswahili kimeliingiza neno katika ngeli ya KI-VI. Ma- ya mahakama si ya wingi. Katika Kiarabu hiyo ma- hutaja mahali, kama ilivyo katika maktaba na madrasa. M- ya mkataba na ya mtihani nazo zilikuja na maneno yenyewe. Kinyume chake, m- ya mzabuni ni yetu, imebandikwa mbele ya zabuni kama inavyobandikwa popote, na mkaidi vilevile.

Kuna makosa mawili ya kuepuka katika kundi hili. La kwanza ni kukutanisha familia mbili kwa kufanana kwa sauti. Mashuhuri na shuhudia huonekana ndugu, lakini konsonanti ni sh, h, r kwa hilo la kwanza na sh, h, d kwa la pili. Wa familia ya d ni shahidi, ushahidi na shahada. La pili ni kubwa zaidi kwa mtahiniwa: konsonanti hizi tatu ni za kukusaidia kukisia maana tu. Ukiulizwa katika swali la sarufi utaje mzizi wa "alihukumiwa", jibu ni -hukum-, kwa sababu swali hilo linauliza mofimu za Kiswahili. Ukiandika h-k-m umejibu swali la lugha nyingine.

Nikija kwenye wiki zako tatu. Kwa mtu mwenye kazi na masomo mengine, dakika arobaini kwa siku zinatosha, siku sita kwa wiki. Wiki mbili za kwanza chukua mizizi mitano kwa siku, usizidishe, utapata sitini. Usiitoe kwenye orodha ya mtu mwingine. Itoe kwenye vifungu vya ufahamu vya mitihani iliyopita, kwa kuwa lugha ya vifungu hivyo ndiyo utakayokutana nayo. Kila mzizi upe nusu ukurasa wa daftari. Andika kitenzi juu, na chini yake kauli ya kutendwa, ili l iliyojificha ijitokeze mapema. Kisha andika mtendaji, kitendo, matokeo na sifa, kwa zile zilizopo tu.

Kwa mfano lea. Juu unaandika lea, chini lelewa. Mtendaji: mlezi. Kitendo: kulea, ulezi, malezi. Sifa: hakuna, acha wazi. Usijaze nafasi kwa kubuni, maana lugha haikubali kila kinachowezekana. Ukitia shaka fungua kamusi, na hapa wengi hupoteza muda bila kujua: kitenzi kitafute bila ku-, chini ya herufi ya kwanza ya shina, na zile kauli zake za kutendwa, kutendea na nyinginezo utazikuta humohumo chini yake. Lakini nomino itafute pamoja na kiambishi chake cha umoja. Mlezi yuko kwenye M, malezi yako kwenye M vilevile, ulezi uko kwenye U. Mtu anayetafuta walanguzi kwenye W atasema kamusi yake haina neno hilo.

Wiki ya tatu usiongeze mizizi. Kila siku chukua kifungu kimoja usichokisoma kabla, pigia mstari maneno sita yanayokutatiza, na uandike maana unayoikisia kabla ya kugusa kamusi. Kuandika ni lazima. Ukikisia kichwani, ukifungua kamusi utajidanganya kwamba ulikuwa unajua. Baada ya hapo kila kosa lipe sababu yake kati ya tatu. Ama ulisoma mkia vibaya, kama washinde. Ama mzizi wenyewe huujui, kama langua. Ama ulikata mahali pasipokatika, kama mtu anayetoa nuna ndani ya nunua. Makosa ya mkia na ya kukata hupungua haraka kwa mazoezi ya siku chache. Ya mzizi hayapungui kwa kanuni yoyote, hayo dawa yake ni kusoma, na ukiona ndiyo mengi basi siku zilizobaki soma magazeti na hadithi badala ya kurudia viambishi.

Jambo la mwisho ni namna ya kuandika jibu, kwa sababu wapo wanaojua maana na bado wanapoteza alama. Swali la msamiati huuliza maana ya neno kama lilivyotumika katika kifungu, basi jibu lako lazima liwe na umbo linaloweza kukaa palepale neno lilipokuwa. Nomino ijibiwe kwa nomino au kwa maneno yanayotaja mtu au kitu, wingi kwa wingi, kitenzi kwa kitenzi. Fumuka usijibu "uvunjikaji", jibu "vunjika". Washinde usijibu "kushindwa", jibu "walioshindwa". Ukimaliza, rudisha majibu yako yote ndani ya sentensi uisome kwa sauti ya chini. Yako ingekuwa hivi: mwenye zabuni aliyeteuliwa alipokataa kufuata masharti, mkataba ulivunjika, wafanyabiashara wa bei ya kuruka wakapata nafasi, na wakulima wa kahawa wakabaki walioshindwa katika mzozo wasiouanzisha. Ukiisoma hivyo na jibu lako la "walioshinda" mahali pake, ungesita mwenyewe kabla ya kukabidhi karatasi.